Naomba ushauri: namna ya kumweleza mteja makato ya miezi sita yaliyokatwa kwa mpigo

Habari zenu wanajamvi. Niko dawati la huduma kwa wateja kwenye benki moja hapa Dodoma. Mzee mmoja mkulima wa zabibu wa Hombolo aliweka 150,000, kesho yake akakuta 135,840. Taarifa ya akaunti imeandika "LEDGER FEE ARREARS" na "VAT", basi. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, nani kachukua hela yangu?"

Ukweli ni kwamba akaunti ilikaa na salio sifuri miezi sita. Ada ya mwezi ni 2,000, na VAT ya asilimia 18 ni 360, jumla 2,360. Mfumo haukupata cha kukata, ukawa unalimbikiza. Hela ilipoingia ukakata 14,160 mara moja.

Barua yetu ya kawaida inasema "makato yamefanyika kwa mujibu wa vigezo na masharti". Hapo mzee anaondoka na hasira ileile. Nimejaribu hivi:

"Akaunti yako hulipiwa 2,360 kila mwezi, hata usipoitumia. Kwa miezi sita haikuwa na fedha, hivyo ada haikukatwa. Ulipoweka fedha, tulikata ya miezi yote sita: 14,160."

Meneja anataka VAT ionekane peke yake. Mimi naona itamchanganya. Je, niitenge au niiache ndani ya 2,360? Na ile "hata usipoitumia" niisemeje isionekane tunamkejeli?