Naomba ushauri: hadithi yangu imegeuka orodha ya nguo

Kalamu_ya_Usiku: Wakuu, habari zenu. Naandika hadithi fupi: binti anapanga kabati la marehemu bibi yake, na kila nguo inampa historia. Akishika koti anakumbuka hili, akishika gauni anakumbuka lile. Aliyenisomea kasema haiendi popote. Nifanyeje?

Fundi_Mstaafu: Binti wako anakumbuka tu, hasomi. Chukua gauni moja, ligeuze ndani nje. Tuseme mishono ya ubavuni iliwahi kufumuliwa ikaachiwa, halafu ikabanwa tena palepale. Kitambaa kinachofichwa ndani ya mshono hakipigwi jua, kwa hiyo hubaki na rangi ya upya. Huu ukanda wa ndani umepauka, maana yake uliwahi kukaa nje, ukavaliwa na kuanikwa. Sasa atazame pindo. La mbele limeshushwa, la nyuma halijaguswa, wala mikono. Aliyenenepa mwili mzima hubanwa hadi mikononi. Tumbo la mimba huvuta gauni juu upande wa mbele.

Kalamu_ya_Usiku: Aisee! Gauni hilo ninalo tayari, la pamba, ila nilieleza maua yake tu.

Sindano_Butu: Ongeza matundu ya sindano kwenye mstari wa zamani. Hayafutiki kamwe.

Fundi_Mstaafu: Kwenye ngozi, ndiyo. Pamba ikifuliwa na kupigwa pasi, nyuzi hujirudi na matundu mara nyingi hupotea. Abaki na rangi.

Mama_Wawili: Pole sana kwa msiba, mdogo wangu. Za marehemu mama nilizifungia kwenye plastiki zikiwa na unyevu, zikaota ukungu. Zifue, zikauke kabisa. Za sufu ndizo nondo huzifuata, hasa penye jasho.

Kalamu_ya_Usiku: Asante dada, bibi yangu mzima, hii ni hadithi tu. Ila hiyo ya nondo naichukua: koti la sufu lililoliwa kwenye kola.

Mbishi_Halali: Mnakimbilia mimba ya bibi. Gauni huazimwa! Huenda aliyelivaa ni mdogo wake.

Sindano_Butu: Si atazame mshono wa pindo? Kila mtu ana mkono wake: urefu wa hatua, anavyofunga fundo. Ukifanana na viraka vya bibi kwenye nguo nyingine, kesi imeisha.

Mbishi_Halali: Hapo umejua aliyeshona. Aliyevaa bado.

Fundi_Mstaafu: Mbishi leo yuko sahihi. Na msimpe binti jibu haraka. Kalamu, mama yake binti ni mtoto wa ngapi?

Kalamu_ya_Usiku: Kifungua mimba. Na kuna picha bibi kalivaa gauni hilo, limeshabanwa, kabla hajaolewa.

Fundi_Mstaafu: Basi nguo nyingine toa, bakiza koti na gauni. Picha aikute baada ya kulisoma gauni.

Mbishi_Halali: Mimi bado nasema mdogo wake.