Mgeni akisema "obrigada", nimjibu nini?

Dada_Mapokezi: Habari za humu jamani. Nipo mapokezi kwenye gesti moja hapa Mtwara mjini, na wageni wa kutoka Msumbiji tunawapata sana. Juzi kashuka mama mmoja wa makamo, amevaa kitenge, katokea Pemba ya kwao Msumbiji. Nikamchukulia begi hadi chumbani, akasema "obrigada", asante ya Kireno. Mimi nikarusha "não tem problema", nimeisikia kwa vijana wa mizigo. Akanitazama, akauliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Kuna shida gani?" Niliona aibu. Hivi hujibiwa vipi?

Mchuuzi_Lindi: Shukuru wako anasema asante! Mimi nauza samaki, mteja akichukua changu anaondoka kama kakopesha.

Kaka_Shangani: Rahisi, "de nada". Ila mgeni akiwa mwanamume unageuza, "de nado", kama wao wanavyogeuza obrigado na obrigada.

Mwalimu_Mstaafu: Kaka Shangani, nusu umepatia. "De nada" haibadiliki kamwe, maana yake ni kama "si kitu". Kinachogeuka ni ile asante, nayo humfuata anayesema, si anayeambiwa. Mwanamume atasema obrigado hata akimshukuru mwanamke. Kwa hiyo Dada, wewe ukishukuru sema obrigada siku zote, hata mbele ya mzee wa kiume.

Hiyo "não tem problema", yaani "hakuna shida", mahali pake hasa ni mtu anapoomba radhi, kama kwetu mtu akisema "samahani" ukamjibu "bila samahani". Kakukanyaga mguu, kasema "desculpe", hapo inakaa. Kwa aliyeshukuru inaweza kusikika kama begi lake lilikuwa mzigo kwako.

Na heshima usiitafute kwenye neno gumu. "De nada" ni ile ile kwa mtoto na kwa mzee. Unaongeza cheo tu: "De nada, mamã", kama unavyosema "Karibu, mama". Mgeni rasmi wa suti, "De nada, senhor". Ipo pia "não tem de quê", rasmi zaidi, lakini hiyo "não" hupita puani. Ukiitoa vibaya utaulizwa tena kuna shida gani.

Binti_Mikindani: Mwalimu, lakini vijana wenzangu wa Pemba mbona wanajibizana "sem problema" na hakuna anayenuna?

Mwalimu_Mstaafu: Wenzako ndiyo, kama "poa" na "haina shida" zetu. Mama wa makamo usimpelekee.

Kaka_Shangani: Basi "de nado" nimeitumia miaka miwili 😅

Mzee_wa_Newala: Mngeuliza kwanza kama ni Mmakonde. Kimakonde kinavuka Ruvuma bila pasi.

Dada_Mapokezi: Sikuuliza, mzee. Kesho asubuhi anaondoka, begi nalibeba tena. "De nada, mamã", nafanya mazoezi hapa.