"Buksi zangu" inamshinda nani?

Mwanzisha mada: Nina data ya watu wanaochanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja. Nani anaieleza vizuri zaidi, Myers-Scotton na lugha matriki yake, yaani lugha moja inayotawala sarufi ya sentensi, au Poplack na kizuizi cha ulinganifu?

Mkwezi: Poplack hafui dafu hapo. Chukua "nipe buksi zangu". Ulinganifu unataka lugha ibadilishwe pale tu ambapo mpangilio wa maneno unafanana pande zote. Kiingereza kinatanguliza kimilikishi, Kiswahili kinakiweka nyuma, na bado watu wanasema hivyo kutwa. Kwa Myers-Scotton si taabu: Kiswahili kinapanga maneno na kutoa ile z-, Kiingereza kinaleta nomino tu.

Njiwa: Mnaupamba uvivu. Anayechanganya hamudu lugha hata moja.

Bi Sauti: Nachanganya tangu utotoni, na insha za wasiochanganya nazisahihisha mimi. Kasome Poplack wa 1993, Wapuerto Riko wa New York. Waliobadili katikati ya sentensi ndio waliozimudu lugha zote mbili.

Kongwe: 1980, Bi Sauti. 1993 ni kitabu cha Myers-Scotton. Ila hoja yako ni sahihi.

Mkwezi, mfano wako Poplack anaufuta kwa sentensi moja: neno pekee lenye sarufi ya Kiswahili ni mkopo wa papo hapo, si ubadilishaji. Tafuta kipande kirefu, kama "nipe hiyo redi peni yangu". Ndani yake kivumishi kimetangulia, Kiingereza kitupu, kisha "yangu" ikafuata. Matriki inakiita kisiwa. Ulinganifu unakwama kati ya "peni" na "yangu".

Mkwezi: Si nilisema!

Njiwa: Redi peni ni jina la kalamu ya kusahihishia. Neno moja hilo.

Kongwe: Kwa hilo umenibana. Basi weka "hizo niu buksi zangu".

Bi Sauti: Na wewe umejuaje matriki ni Kiswahili? Kwa sababu ya z-. Na z- imetoka wapi? Kwa matriki. Mnazunguka mbuyu.

Kongwe: Mduara upo ukitumia ushahidi mmoja mara mbili. Tambua matriki kwa viambishi vya kitenzi, kisha pima mpangilio ndani ya kirai nomino. Kitenzi kikiwa cha Kiswahili na ukakuta "zangu buksi", nadharia imeumia.

Mwanzisha mada: Data yangu karibu yote ni neno moja moja. Na nina "mabuksi", wingi mara mbili.

Kongwe: Wingi huja umebebwa na nomino, ndiyo maana unaweza kurudiwa. Upatanisho wa kitenzi ukirudiwa hivyo, niite. Ila kwa neno moja moja hutawapambanisha. Kila upande utadai data ni yake.

Njiwa: Bi Sauti hajanijibu.