Ajira za vijana hazijapanda Sahare, wamebadilisha umri tu!

Katibu_Sahare

Wakuu, nimetoka kikaoni mchana na mpaka saa hizi hasira haijashuka.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Sahare, Tanga. Tuko 40: wavuvi, mafundi wa mashine za boti, na wengine bado wanahangaika kutafuta kazi. Februari walikuja watu wa mradi mmoja wa ajira, wakachukua majina, umri na shughuli ya kila mtu. Juni wakaja wengine wa mradi huohuo na fomu mpya. Leo wametuita kutusomea matokeo. Bwana mmoja akasimama mbele ya karatasi ya ukutani, akaandika kwa kalamu nyekundu: vijana wasio na kazi, Februari asilimia 40, Juni asilimia 26. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, maana daftari la kikundi nalishika mimi, na katika miezi hiyo minne hakuna hata mmoja wetu aliyepata kazi wala aliyepoteza.

Nikaomba nizione fomu zote mbili. Ya Februari inamhesabu kijana kuwa wa miaka 15 hadi 24. Ya Juni inasema 15 hadi 35. Basi!

Nikapiga hesabu palepale. Wenye miaka 24 kushuka tunao 12. Wawili wanasoma na hawatafuti kazi, kwa hiyo kwenye hesabu ya ukosefu wa ajira hawaingii. Wanabaki 10, na wanne kati yao wanatafuta kazi hawajapata. Hiyo ndiyo asilimia 40 yao. Sasa waongeze wa miaka 25 hadi 35. Wako 25, wasio na kazi ni watano. Ukijumlisha unapata watu tisa kati ya 35, karibu asilimia 26. Yaani wasio na kazi wametoka wanne wakawa tisa kwenye makaratasi yao, halafu wanatuambia tatizo limepungua! Asilimia imeshuka kwa sababu wameingiza watu wazima zaidi, ambao wengi wana kazi tayari.

Nilipouliza, nikajibiwa: "Katibu, vyote viwili ni vipimo sahihi. Cha kwanza ni cha kimataifa, cha pili ni cha sera ya taifa." Sawa. Kila kimoja kina mahali pake. Nani aliwaruhusu kuviweka bega kwa bega na kuchora mshale wa kushuka?

Na si maneno tu. Kwa kuwa eti tumeshuka, mafunzo ya ufundi wa mashine za boti yanahamishiwa mtaa mwingine. Kuna kijana wetu wa miaka 19, tangu Februari anakuja ufukweni kila asubuhi na spana yake moja, namba 13, anasimama nyuma ya fundi akiangalia anavyofungua kabureta. Alikuwa anasubiri mafunzo hayo. Nimwambie nini kesho asubuhi?

Mzalendo_Pongwe

Pole mgosi, lakini kosa ni la sisi Watanzania. Umoja wa Mataifa ulishasema kijana ni 15 hadi 24, mwisho wa habari. Hiyo 35 waliweka wanasiasa ili waendelee kuitwa vijana.

Bint_Chumbageni

Na mimi yamenikuta. Nina miaka 35 kamili, nauza mwani uliosagwa na sabuni zake. Nikaomba kushiriki shindano la biashara za vijana Mombasa, nimelipa nauli, nimevuka Horohoro, mzigo begani. Wakaangalia pasipoti, wakasema umri wangu umepita. Hapa Tanga mimi ni kijana, nikivuka mpaka tu nimekuwa mama mtu mzima.

Karani_Mstaafu

Bint, hao wa Mombasa walifuata Katiba ya Kenya ya 2010, inayosema kijana ni aliyetimiza 18 na hajatimiza 35. Siku unatimiza 35, umetoka. Sera yetu ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inasema 15 hadi 35, na 35 yenyewe imo.

Mzalendo, nusu ya maneno yako ni kweli. Hiyo 15 hadi 24 ilitokana na maandalizi ya Mwaka wa Kimataifa wa Vijana, 1985, na ndiyo inayotumika kulinganisha ukosefu wa ajira kati ya nchi na nchi. Ila walisema wazi kwamba ni kwa ajili ya takwimu, na haifuti tafsiri za nchi wanachama. Baraza la Usalama hilohilo la Umoja wa Mataifa, kwenye azimio namba 2250 la 2015, lilitumia 18 hadi 29. Na 35 yetu haikutungwa na mtu mmoja, Mkataba wa Vijana wa Afrika uliopitishwa Banjul 2006 nao unasema 15 hadi 35.

Katibu, hasira yako ina haki. Lakini nikuongezee jambo. Nilikuwa karani wa sensa 2022. Unamuuliza mtu umri, anatazama juu kidogo, anakwambia "andika thelathini na tano". Umri unaoishia na sifuri au tano huwa umejaa kupita kiasi, kwa sababu watu wanakadiria. Kwa hiyo kuuingiza au kuuacha huo mwaka mmoja wa 35 kunabadilisha idadi kuliko unavyodhani. Sensa ile ilihesabu vijana wa 15 hadi 35 kuwa 21,312,411, asilimia 34.5 ya watu wote. Ukichukua majedwali ya miaka mitanomitano huipati namba hiyo, maana 30 hadi 34 wako safu moja na 35 yuko safu ya pili pamoja na wa 39. Kagua waliokwambia wana 35.

Kijana_wa_Duga

Kwa hiyo mnataka umri wa kujiunga na jeshi uongezwe? Mimi naunga mkono.

Katibu_Sahare

Duga, hatuzungumzii jeshi, kaka.

Karani, shikamoo. Nimewapitia jioni hii nyumba kwa nyumba. Walioniandikisha 35 ni watano. Kwa vitambulisho vyao, mmoja ndiye mwenye 35, mmoja ana 34, wawili wana 36 na mmoja 37. Hao watatu wakitoka, na mmoja wao hana kazi, tunabaki na wanane kati ya 32. Asilimia 25. Kwa kikundi chetu haikusogea sana, lakini kwa kweli sikutegemea watatu kati ya watano.

Kesho nampelekea mtendaji wa mtaa karatasi yenye mstari wa kila umri, 19 peke yake, 20 peke yake, mpaka mwisho. Kila ofisi ikate inapotaka, ila ikate palepale Februari na Juni.

Karani_Mstaafu

Marahaba. Fomu ya Februari iliandika umri wenyewe, au ilikuwa na visanduku vya kuweka tiki? Kama ni tiki, wao hawawezi kuirudia hesabu kwa 35 hata wakitaka.

Katibu_Sahare

Nimeitazama nakala sasa hivi. Visanduku viwili: 15 hadi 24, na 25 na kuendelea. Umri wa watu uko kwenye daftari langu peke yake, na leo kikaoni wameshaniambia daftari la kikundi si takwimu rasmi.