Semina ya siku mbili ya kutunga nyimbo za ibada, vijana 18: niipange vipi?

Teno wa Kigango

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wasio wa huku, habari za jioni.

Nafundisha kwaya ya vijana kigangoni kwetu, nje kidogo ya Morogoro. Majilio hayako mbali, na vijana wamechoka kuimba nyimbo zilezile za watu wengine. Wanataka kutunga zao. Paroko amekubali, na nimepewa ukumbi Jumamosi saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni, na Jumapili baada ya misa ya pili mpaka watakapochoka. Wapo 18, wa miaka 15 hadi 22. Wanaosoma noti ni watano tu. Kinanda kipo, umeme ukitaka.

Nina mashaka mawili. La kwanza ni mazoezi yenyewe. Nikiwaambia "haya, andikeni wimbo", najua nitakusanya "Bwana ni mwema, ananipenda, haleluya" mara 18. La pili ndilo linaloninyima usingizi. Mwaka juzi tulijaribu kitu kama hiki. Mwalimu mgeni akachukua daftari la binti mmoja, akasoma ubeti wake mbele ya wote huku anacheka, akaukosoa neno kwa neno. Yule binti hajakanyaga tena mazoezini, na sauti yake ya pili tunaitafuta mpaka leo.

Aliyewahi kuendesha kitu kama hiki anisaidie. Nawasilisha.

Kaka Mixa

Mkuu, studio nzuri zipo hapo mjini. Mkiwa na nyimbo tatu mnarekodi kwa siku moja, ila hakikisheni mpiga gitaa mnaenda naye wenyewe. Bei nikupe huku au faragha?

Teno wa Kigango

Asante kaka, lakini bado sana. Nyimbo hazijatungwa.

Ustadh Matari

Assalamu alaykum. Mimi ni wa Tanga, nafundisha madrasa, na kila mwaka kabla ya Maulidi vijana wangu wanatunga kaswida. Naomba nichangie ingawa nyumba ni tofauti.

Kijana asiyejua kuhesabu mizani usimpe kalamu. Asubuhi nzima ya kwanza mimi sifundishi maneno, nafundisha vidole. Tunaanza na utenzi: mistari minne, kila mstari mizani 8, mitatu ya mwanzo inafanana kina, wa nne una kina chake kinachorudi ubeti hadi ubeti. Nagonga dufu, kijana anasema mstari wake huku anakunja kidole kwa kila silabi. Wengi wanakosea kwenye M na N. Neno "mtu" ni mizani miwili, "nchi" miwili, lakini "mbingu" ni miwili vilevile, si mitatu, kwa sababu M hapo imeungana na B. Wakishalijua hilo, kazi imekwisha. Mstari ukitimia 8 utaimbika kwa sauti yoyote utakayouwekea.

Na vina wasivikwepe. Wimbo bila vina ni mazungumzo.

Kinanda Mstaafu

Waalaykum salaam Ustadh, na mwenye uzi pia nakusalimu. Nimekaa kwenye kinanda cha kanisa miaka mingi kuliko umri wa hao vijana, basi nivumilieni nikirefusha.

Zoezi la vidole la Ustadh lichukue kama lilivyo, hakuna bora zaidi. Ila pale aliposema mstari ukitimia 8 utaimbika kwa sauti yoyote, hapo ndipo nyimbo nyingi za kwaya zetu zinapovunjika shingo. Hesabu inatimia na bado wimbo unasikika kama umeimbwa na mgeni aliyejifunza Kiswahili juzi. Sababu ni mkazo.

Kiswahili kinakazia silabi ya pili kutoka mwisho. Sasa chukua sauti nyepesi ya noti nane, nzito-nyepesi, nzito-nyepesi, ambayo vijana wengi huanza nayo. Noti nzito ni ya 1, ya 3, ya 5 na ya 7. Kijana anakuletea mstari huu:

*Neema yako hudumu*

Hesabu: ne-e-ma-ya-ko-hu-du-mu. Nane kamili, Ustadh atampa alama zote. Haya, imba. Noti nzito zinaangukia NE, MA, KO, DU. Umesikia? "NeeMA yaKO." Hakuna Mswahili anayesema hivyo. Mkazo wa neno uko kwenye silabi ya pili, noti nzito iko ya kwanza na ya tatu. Msikilizaji hawezi kukuambia kosa ni nini, ila utamwona anakunja uso kidogo, na waimbaji watakuwa wanayumba mahali hapohapo kila wiki.

Wengi wanakimbilia kubadilisha neno. Anaweka "rehema", anaweka "fadhili", anaweka "upendo". Hasogei popote, maana yote ni ya silabi tatu na mkazo uko katikati. Dawa ni ndogo kuliko hiyo: mpe kisilabi kimoja mbele.

*Ni neema yako, Baba*

Ni-ne-E-ma-YA-ko-BA-ba. Bado nane, lakini mikazo sasa imekaa ya 3, ya 5 na ya 7, juu ya noti nzito. "Ni", "na", "kwa", "wa", hivi vineno ndivyo msumari wa mtunzi. Neno la silabi mbili au nne halikusumbui ukilianzisha kwenye noti nzito, la tatu ndilo linataka kusukumwa. Vijana wako wakiondoka Jumapili wanalijua hilo tu, mimi nitasema semina imefaulu. Au kama mtunzi hataki kugusa maneno, sauti nayo inaweza kuanza na noti nyepesi moja kabla ya ile nzito. Hilo waachie wale watano wanaosoma noti.

Kuhusu vina, Ustadh, hapo tutakubaliana kutokubaliana. Zaburi hazina vina na watu wameziimba muda mrefu kabla yetu. Kwa waanzaji mimi naondoa vina kabisa siku ya kwanza. Kijana akitafuta kina anaacha alichotaka kusema, anaishia kuweka "daima" kwa sababu mstari wa juu una "hekima".

Ustadh Matari

Mzee wangu, la mkazo nimelipokea. Huku dufu linatufichia, maana anayeghani anavuta na kufupisha anapotaka. La vina sijalipokea.

Mama Katekista

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi sijui noti, naomba nijibu lile la binti.

Mwanangu, kosa la mwaka juzi lilianzia kwenye daftari kutoka mkononi mwa mwenyewe. Mimi nafanya hivi na vijana wa kipaimara. Nawagawa watatu watatu, kwako yatakuwa makundi sita. Mwenye ubeti hausomi yeye. Anamkabidhi mwenzake, na mwenzake anausoma kwa sauti mara mbili bila kujiandaa, mwenyewe amenyamaza. Kisha wale wawili wanasema kitu kimoja tu: neno gani limewabaki. Si zuri wala baya, limebaki lipi. Baadaye kila mmoja anaruhusiwa swali moja, nalo liwe swali la kweli, si kosa lililovishwa alama ya kuuliza. "Huyu anayelia ni nani?" ni swali. "Huoni mstari huu ni mrefu?" si swali.

Na nikimsoma Mzee wa Kinanda hapo juu, naona msomaji asiyejiandaa atamsaidia na lile la mkazo. Akijikwaa mara zote mbili mahali pamoja, mwenye ubeti ameshasikia. Hakuna haja ya mtu kumkosoa.

Kama kuna jambo la mafundisho, mfano kijana ameandika kitu ambacho Kanisa halisemi, lisizungumzwe ukumbini. Lete kwangu au kwa Paroko, tukae naye pembeni dakika tano.

Na usiwape karatasi tupu. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati ya Liturujia ya 1963, namba 121, unataka maneno ya nyimbo yatoke hasa katika Maandiko na vyanzo vya liturujia. Basi asubuhi wape Zaburi ya 13. Ina aya 6 tu. Inaanza kwa kulalamika, "hata lini" inarudi mara nne, halafu mwishoni inageuka kuwa imani. Waambie kila mtu aandike "hata lini" zake nne, za nyumbani kwao, kwa maneno wanayosema kweli. Hapo "haleluya" zako 18 hutaziona. Kwa kiitikio wape Zaburi ya 136, wasome mmoja akitaja tendo na wengine wakijibu. Ina aya 26 na jibu halibadiliki hata mara moja.

Mwana Eastlands

Sasa Mama, "maneno wanayosema kweli" kwa vijana wangu hapa Nairobi ni Sheng. Mmoja ameandika wimbo mzima wa toba kwa Sheng na ni mkali ajabu, lakini wazee wa kanisa wamesema hauimbwi ibadani. Huyo unamwambia nini?

Mama Katekista

Kwa kweli sina jibu, mwanangu. Aandike kwanza. Pa kuimbiwa ni mazungumzo mengine na wazee.

Kwaya Kongwe

Mimi naona mnajisumbua. Utunzi ni karama. Mwenye nayo anayo.

Kinanda Mstaafu

Karama ya kupata mstari, ndiyo. Kuuweka juu ya noti ni kazi ya mikono kama kuchomelea.

Teno wa Kigango

Jamani nimerudi, na nimeshajaribu. Jioni hii nimemkalisha mpwa wangu wa miaka 16, nikamsomea wale wanawali kumi wa Mathayo 25, nikamwambia achague mmoja wa wale wapumbavu aongee yeye. Ameandika hivi:

*Taa yangu imezima,*
*na mafuta yamekwisha,*
*mlango umefungwa,*
*nani atanifungulia?*

Nilimpa mama yake asome bila kujiandaa. Mistari miwili ya kwanza ikateleza. Wa tatu akajikwaa mara zote mbili. Tukahesabu vidole: m-la-ngo-u-me-fu-ngwa, saba. Kabla sijasema kitu binti akaandika "na" mbele: *na mlango umefungwa*. Nane, na LA imekaa kwenye noti ya tatu. Nilitaka kupiga makofi.

Tatizo ni wa nne. Na-ni-a-ta-ni-fu-ngu-li-a, tisa. Nikamwambia toa "ni", iwe *nani atafungulia*, inatimia nane na mkazo uko wa saba. Amekataa. Anasema bila "ni" si yeye anayegonga, ni mtu yeyote.

Mama Katekista

Msikilize mtoto. (Hiyo ni Injili ya Dominika ya 32, mwaka A, si ya Majilio, ila kukesha ni kukesha.)

Ustadh Matari

Tisa ni tisa. Atafute njia nyingine ya kusema "mimi".

Kinanda Mstaafu

Gawa noti ya tatu iwe mbili fupi, "a-ta" zipite humo haraka, LI ibaki ya saba. Beti zinazofuata zikiwa na nane, noti inaunganishwa tena. Ila mwambie asizoee, akigawa kila mstari kwaya haitaweza kuimba pamoja. Jaribuni yote mawili kwenye kinanda, mama yake asiangalie nyinyi mmechagua lipi.

Teno wa Kigango

Umeme umekatika, Mzee. Kesho asubuhi.