Naomba ushauri: linki za bidhaa zote WhatsApp zinaonyesha kichwa kimoja

Habari za kazi wakuu. Natengeneza tovuti ya duka la vitambaa kwa React. Mteja wangu huuza zaidi kwa kutuma linki WhatsApp, hivyo kile kisanduku kinachotokea pamoja na linki ndicho kinachomvuta mnunuzi. Shida ni kwamba linki ya kitenge, ya kanga na ya shuka zote zinatoa kichwa kilekile, "Karibu dukani", na maelezo yaleyale.

Chanzo nimekiona. Kwenye brauza og:title iko sahihi kwa sababu JavaScript imeshaibadilisha. WhatsApp haiendeshi JavaScript, inasoma HTML kama ilivyotoka kwenye seva. Nilithibitisha hivi:

```
curl -s https://example.com/kitenge | grep og:
```

Kilichorudi ni kichwa cha ukurasa wa mwanzo.

Naona njia mbili: kuzalisha HTML ya kila bidhaa mapema, au seva iandike og:title na og:description ndipo ijibu. Ya kwanza ni nafuu, faili za HTML pekee zinatosha. Lakini mteja anataka bei ionekane kwenye og:description, na bei hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo ningelazimika kuzalisha upya kila mara. Isitoshe, kisanduku hutengenezwa kwenye simu ya mtumaji na kusafiri na ujumbe, kwa hiyo linki iliyokwisha kutumwa itabaki na bei ya zamani hata seva ikiwa sahihi. Mimi ningeitoa bei kabisa.

Waliowahi kuhudumia duka la namna hii, mlichagua njia ipi? Na bei mliiweka wapi?