Hati ina jina la mume, mke alikuwa nyumbani: mahakama igawe vipi?

Kaka wa Malindi: Dada yangu aliolewa 2004, ameachwa mwaka jana. Mume alikuwa kazini Doha, yeye akabaki na watoto wanne na mama mkwe mgonjwa. Katika miaka hiyo ilijengwa nyumba yao Maweni, na vyumba vya kupangisha Barani. Hati zote zina jina la mume, naye anasema dada hakutoa hata shilingi. Ana haki gani? Na nyinyi mnaonaje, ni haki apate?

Kombo: Hapa hakuna la kubishana. Katiba ya Kenya kifungu cha 45 kinasema mume na mke wana haki sawa, hata ndoa ikivunjika. Achukue nusu yake.

Mzee wa Mkomani: Mke fungu lake ni thumni akiwa na watoto. Hiyo nusu mwaitoa wapi?

Bi Karani: Mzee wangu, shikamoo. Thumni ni ya mirathi, na huyu mume yu hai. Kombo nawe umepata upande mmoja tu. Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba usawa wa kifungu hicho hauleti nusu kwa nusu yenyewe. Kila mtu hupata kwa kadiri ya mchango wake. Lakini mchango si pesa peke yake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 imetaja kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia mali ya familia, hata kazi ya shamba. Kabla yake, kwa hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya 2007, mke asiye na risiti alikuwa akitoka mikono mitupu.

Nahodha: Mimi chombo changu nimekilipia kwa kulala baharini. Mke wangu alipika, sikatai, na mimi nilimlisha na kumvisha. Sasa nimlipe mara ya pili?

Bi Karani: Kaka Nahodha, kumlisha mke ni wajibu wako, haujawa malipo ya kulea watoto. Ila hoja yako inasikilizwa mahakamani, tena sana, ndiyo maana asilimia hutofautiana kesi hadi kesi. Hakuna bei ya mwaka mmoja wa kupika. Hakimu hupima mwenyewe, na hapo ndipo mimi sheria hii hainiridhishi.

Turudi kwa dada. Nyumba ya Maweni ni nyumba ya ndoa, sioni ugomvi mkubwa. Ugumu uko Barani, kwa sababu mali isiyo makazi sheria inataka iwe ya wote wawili. Kinachomsaidia ni kifungu cha 14: kilichonunuliwa ndani ya ndoa kwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa amekishika kwa niaba ya mwenzake, mpaka aonyeshe vinginevyo. Mume ataleta hati za mshahara wa Doha. Dada naye alete nini? Kaka, nani alikuwa akiwalipa mafundi?

Kaka wa Malindi: Yeye. Pesa zilikuja kwenye simu yake, ananunua saruji, anasimama na mafundi. Wapangaji mpaka leo kodi wampa yeye.

Bi Karani: Basi huyo hakuwa jikoni tu, alikuwa msimamizi wa ujenzi. Aombe taarifa za M-Pesa za miaka hiyo, amtafute fundi mmoja na mpangaji mmoja wa kutoa ushahidi. Wengi hufika mahakamani na maneno "nilimtunza miaka ishirini" bila tarehe wala shahidi, wakapewa fungu dogo. Na leo hii aende ofisi ya ardhi aweke zuio kwenye hati zote mbili, maana nyumba ikishauzwa, kuirudisha ni kazi.

Ustadhi wa Shela: Mbona hamkuuliza kama ni Waislamu? Kifungu cha 3 kinasema Mwislamu anaweza kufuata sheria ya Kiislamu. Huko mali ya mume ni yake na ya mke ni yake. Mke aliyeachwa ana matunzo ya eda na mut'a ya kumliwaza, na mahari iliyobaki.

Bi Karani: Ustadhi, ni kweli, na kimesema *anaweza*. Kadhi naye husikiliza pale pande zote mbili ni Waislamu na wamekubali mahakama yake. Mmoja akikataa?

Ustadhi wa Shela: Mwislamu hakatai sheria ya Mola wake. Lakini hata kwa Kadhi, pesa alizotia au kazi aliyoifanya kwa makubaliano ni deni, adai. Kupika sikuingizi humo.

Kombo: Na kusimamia mafundi je, ustadhi?

Ustadhi wa Shela: Hapo niulize kwanza: alikuwa wakili wa mumewe, wa kutenda kwa niaba yake tu, au mshirika? Kaka, walikubaliana nini alipoondoka?

Kaka wa Malindi: Waislamu, ndiyo. Sijui kama waliandikiana. Nitamuuliza.